Kumwambia mtoto wa shule kuwa ana VVU, na dawa zake za kila siku: maswali tunayoulizwa kliniki

Haya ni maswali ambayo walezi hutuuliza sisi washauri wa kliniki ya watoto, wengi wakitokea Ilemela, Nyamagana, Magu, Sengerema na Ukerewe. Mengine huulizwa waziwazi ndani ya chumba. Mengine huja mlezi akiwa ameshika kitasa cha mlango, anaondoka, na mara nyingi hayo ndiyo aliyokuja nayo hasa. Bibi wa Igombe na mjukuu wake wanaotajwa humu wametokana na familia kadhaa zilizochanganywa, ili asitambulike mtoto wa mtu.

## Mtoto wangu ana miaka tisa. Si bado ni mdogo mno?

Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unasema mtoto wa umri wa shule, yaani miaka 6 hadi 12, aambiwe hali yake. Aliye chini ya hapo anaelezwa kidogo kidogo, kadiri anavyoelewa. Kumwambia si tukio la siku moja. Mtoto wa miaka sita au saba anaweza kujua kwamba ana mdudu kwenye damu na kwamba dawa zinamdhibiti mdudu huyo, bila kutajiwa jina. Jina linafuata baadaye, na sisi hulenga liwe limeshatajwa kabla hajavuka miaka kumi hivi.

Haraka hiyo ina sababu. Mtoto wa darasa la tatu anajua kusoma. Anasoma mabango yaliyobandikwa ukutani mwa kliniki, anasoma kadi yake, anasoma maandishi ya kwenye kopo. Darasani anafundishwa habari za VVU pamoja na magonjwa mengine. Asipoambiwa na wewe, ataunganisha mwenyewe, na akiunganisha peke yake hukosa mtu wa kumuuliza, kwa sababu ameshaona kwamba nyumbani jambo hilo halizungumzwi.

## Nimekuwa nikimwambia ni dawa za kifua. Kuna ubaya gani, mradi anameza?

Ubaya hauonekani anapokuwa na miaka mitano. Unaonekana anapofikisha tisa.

Bibi wa Igombe anaanika dagaa. Mjukuu wake alifiwa na mama akiwa mchanga, na tangu aanze dawa aliambiwa ni za kifua. Kwa miaka mingi majibu yake ya wingi wa virusi yalikuwa mazuri. Alipofika darasa la tatu akaanza maswali. "Bibi, mbona mimi sikohoi?" Bibi akajibu kwamba hakohoi kwa sababu anameza. Lilikuwa jibu zuri, likamtosha kwa muhula mmoja. Kisha timu ya afya ikaja shuleni kugawa dawa za kichocho na minyoo, kama ilivyo kawaida huku ziwani, na mtoto akaona wenzake wanameza mara moja na mambo yamekwisha. Akapiga hesabu yake: wenye kichocho, wanaokojoa damu kabisa, wanameza siku moja. Mimi nisiye na kikohozi nameza kila siku. Kwa hiyo bibi ananidanganya, au dawa hizi hazina kazi.

Akaacha kumeza. Hakusema, hakugoma. Aliziweka shavuni, akatoka nje, akazitema.

Uongo wa kifua ulimpa mtoto sababu ya kumeza, na sababu hiyo ilipokufa, umezaji ukafa nayo. Ndiyo maana sisi husema kila unachomwambia mtoto, hata kama ni kidogo, kiwe kweli. "Una mdudu kwenye damu" ni kweli isiyokamilika, na kesho unaweza kuongezea juu yake. "Una kifua" itabidi uibomoe kwanza.

## Sasa nianze vipi? Nipe maneno.

Kabla ya maneno, angalia mahali na wakati. Asiambiwe kwenye foleni ya kliniki, wala siku mliyogombana juu ya dawa, wala usiku wa kuamkia mtihani. Chagua siku ambayo kesho yake mpo pamoja, kwa sababu maswali makubwa huja kesho yake. Familia zinazoishi kwa dagaa huwa na nafasi ya namna hiyo kila mwezi: mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hupumzika, na nyumba inakuwa na watu waliolala usiku.

Anza kwa kumuuliza, usianze kwa kumhutubia. Bibi tulimfanyisha mazoezi kliniki kwanza, mimi nikawa mtoto, naye akacheka sana. Nyumbani mazungumzo yakaenda hivi. Kama mabibi wengi, anamwita mjukuu wake mume wake.

"Mume wangu, hebu kaa hapa. Hizi dawa, wewe unadhani ni za nini?"

"Si ulisema za kifua."

"Nilisema. Na wewe unaonaje?"

"Mimi sikohoi."

"Kweli hukohoi. Nilisema kifua kwa sababu ulikuwa mdogo na sikujua nianzie wapi. Sasa umekua. Kwenye damu yako kuna mdudu mdogo sana, haonekani kwa macho. Umezaliwa naye, hukufanya kosa lolote. Dawa hizi zinamlaza. Akilala hakuumizi. Usipomeza, anaamka."

"Si wampe dawa ya kumuua?"

"Ya kumuua mpaka amalizike bado haijapatikana. Hii ya kumlaza ipo, na ndiyo unayomeza."

Wakaishia hapo siku hiyo. Tazama ambavyo bibi hakufanya. Hakutaja kifo, hakulia mbele yake, hakumwambia "usipomeza utakufa kama mama yako". Sentensi hiyo ya mwisho nimeisikia kwa walezi wengi wenye nia njema. Humfanya mtoto ameze kwa wiki mbili, kisha anaanza kuogopa kopo lenyewe.

## Na jina la VVU litajwe lini?

Mtoto akishaweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwamba kuna mdudu, dawa zinamlaza, na bila dawa anaamka. Mwambie akueleze wewe kana kwamba hujui. Akiweza, amebakiza jina tu.

Familia nyingi hupenda jina litajwe kliniki, mlezi akiwepo, na mimi naona ni vizuri, kwa sababu mlezi akikwama tupo. Lakini anayelitamka awe mlezi. Mtoto akilisikia kwa muuguzi huku bibi ameinamisha kichwa, anachojifunza ni kwamba jambo hili ni la aibu nyumbani.

Yule wa Igombe alipoambiwa "mdudu yule anaitwa VVU" alinyamaza, kisha akauliza, "Ile ya UKIMWI?" Karibu wote huuliza hivyo, kwa hiyo uwe na jibu. VVU ni kirusi. UKIMWI ni hali inayokuja kirusi kikiachwa bila dawa muda mrefu mpaka kinga ya mwili inaisha. Wewe una VVU, na ukimeza dawa kila siku kinga yako inabaki na nguvu. Mtoto anayesoma anaielewa tofauti hiyo vizuri tu. Watu wazima ndio huichanganya.

## Akiniuliza amepata wapi?

Mwambie ukweli: kwa mama, wakati wa mimba, kuzaliwa au kunyonya, na mama hakukusudia. Pengine mama hakujua kabisa kwamba anacho. Kama mama bado yupo na ndiye anayesoma hapa, najua hili ndilo linalokuzuia kusema yote mengine. Wamama hujiandaa kulaumiwa. Mtoto wa miaka tisa kwa kawaida haulizi kwa kulaumu, anauliza kwa sababu anataka kujua kama wewe nawe unameza. Ukimjibu "ndiyo, na mimi nameza," mara nyingi swali linalofuata ni "ngapi?" Lawama, kama zitakuja, huja kwenye ujana, na wakati huo inasaidia kama hakuwahi kudanganywa.

Akiuliza kama mama yake aliyefariki alikuwa nacho, na ni kweli, sema ndiyo. Ongeza kilichokuwa tofauti: alichelewa kujua, au dawa zilimkatikia, lolote lililotokea kweli. Usitunge. Mtoto anahitaji kuona kwa nini yake haitakuwa hivyo, na sababu ya kutunga huanguka akikutana na shangazi mwenye maneno mengi msibani.

"Nitakufa?" Mjibu kwamba watu wote hufa siku moja, lakini anayemeza dawa zake vizuri anakua, anasoma, anaoa au anaolewa, anazaa watoto wasio na VVU. Hayo si maneno ya kubembeleza, ndivyo matibabu ya sasa yalivyo.

## Si atakwenda kuwaambia wenzake?

Hofu hii ndiyo huwafanya wengi wasubiri mpaka miaka kumi na nne. Watoto tunaowaona wakiambiwa kwa hatua hutunza siri vizuri kuliko walezi wanavyotarajia. Anayevujisha zaidi ni yule asiyejua anachobeba: anamtajia jirani jina lililoandikwa kwenye kopo, kwa sababu hakuambiwa kwamba ni jambo la faragha.

Usimwambie tu "usimwambie mtu". Akili ya mtoto hapo inasikia kwamba ni jambo baya. Mpe orodha ya watu anaoweza kuzungumza nao, kwa majina: bibi, mama mdogo wa Kirumba, na dada wa kliniki. Akitaka kuongeza mtu, aje kwanza muongee. Na umpe la kujibu mwenzake akimkuta anameza. "Ni dawa zangu, nilipewa hospitali" inatosha, wala si uongo. Mfanyishe mazoezi ya kulisema bila kukimbia.

## Mwalimu aambiwe?

Si lazima. Dawa ni mara moja kwa siku na zinamezwa nyumbani, kwa hiyo shule ya kutwa haina haja ya kujua. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya hali ya mtu na inakataza unyanyapaa na ubaguzi, kwa hiyo hakuna mwalimu mwenye haki ya kukudai majibu. Kinachohitaji maelezo ni siku za kliniki, na hapo cheti cha kuhudhuria hospitali kinatosha bila kutaja ugonjwa.

Bweni ni jambo jingine. Huko mtu mzima mmoja, matroni au muuguzi wa shule, anahitaji kujua, kwa sababu dawa zinataka pa kukaa na mtoto anataka faragha ya dakika mbili kila siku. Mmoja. Wakifika watatu, shule nzima inajua. Na mtoto aulizwe kwanza ni nani angependa awe huyo mmoja.

## Ana ndugu zake wasio na VVU. Nao?

Wadogo subiri. Mkubwa anayelala naye chumba kimoja na kumwona akimeza atahitaji kujua, lakini baada ya mwenyewe kujua, na kwa ruhusa yake. Ni mbaya sana mtoto kugundua kwamba kaka yake alijua habari za mwili wake kabla yake. Wote waambiwe kwamba kula sahani moja, kulala pamoja na kuogelea ziwani hakuambukizi VVU. Kuogelea ziwani kunaleta kichocho, hilo ndilo la kuogopa.

## Tangu tumwambie amekuwa mkimya. Tumeharibu?

Ukimya wa siku kadhaa ni kawaida, na hasira pia. Mpe nafasi, lakini usiache dawa wala mazungumzo. Njoo kabla ya tarehe yako kama baada ya wiki mbili tatu bado halali vizuri, ameanza kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, ameacha kucheza, au maendeleo yake shuleni yameporomoka. Njoo siku hiyohiyo kama anasema anataka kufa au anajiumiza. Klabu za watoto na vijana za kliniki husaidia hapa kuliko maneno yangu, kwa sababu anamkuta kijana wa kidato cha nne anayemeza dawa zilezile na anacheza mpira kuliko yeye.

## Hizi dawa zenyewe: anatakiwa kumeza ngapi?

Inategemea uzito, si umri. Ndiyo maana tunampima kila anapokuja, na ndiyo maana kumtuma mtu achukue dawa bila mtoto kuna kikomo.

Mjukuu wa Igombe ana kilo 23. Anatumia vidonge vya ABC/3TC vya watoto, yaani abacavir na lamivudine pamoja, vya miligramu 120 kwa 60, vitatu kwa mara moja, pamoja na kidonge kimoja cha DTG, yaani dolutegravir, cha miligramu 50. Vinne kila siku. Akifikisha kilo 25 ataweza kuhamia ABC/3TC ya miligramu 600 kwa 300, kidonge kimoja, na DTG yake moja: viwili. Akifika kilo 30, kwa kawaida atapewa TLD, ambayo ina dawa tatu, tenofovir, lamivudine na DTG, ndani ya kidonge kimoja. Tulimwandikia ngazi hiyo kwenye daftari, vinne, viwili, kimoja. Sasa anakula ugali kwa malengo, na akija kliniki anakimbilia mzani kabla hatujamwita.

Vile vitatu vya ABC/3TC ni vya kuyeyusha kwenye maji kidogo safi. Ayanywe yote, kisha usuuze kikombe kwa maji kidogo na anywe tena, maana dawa hubaki chini. DTG ya 50 humezwa nzima. Na hapa kuna kosa tunalolikuta: DTG za watoto wadogo za miligramu 10, za kuyeyusha, haziwezi kubadilishwa kwa hesabu ya kawaida na ile ya 50. Mwili unazifyonza kwa namna tofauti, kwa hiyo tano za kumi si sawa na moja ya hamsini. Usimkatie mtoto kidonge cha mkubwa, wala usimpe mkubwa vya mtoto.

## Saa ngapi ni nzuri?

Saa ambayo mnakuwa pamoja kila siku. Dawa hizi hazichagui kabla wala baada ya chakula. Bibi wa Igombe alikuwa akimpa saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo mwenyewe anatakiwa awe mwaloni kupokea dagaa. Akawa anaziacha kwenye sahani na kusema "meza kabla hujatoka". Tuliisogeza hadi saa moja usiku, ugali ukishaiva. Wachache DTG ya usiku huwakosesha usingizi. Ikiwa hivyo, irudi asubuhi, lakini atafutwe mtu mzima wa kuwepo.

Tahadhari moja: kama amepewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, au vya kalisi, tuambie. Vikimezwa tumbo tupu pamoja na DTG huizuia isifyonzwe. Ama vimezwe vyote pamoja na chakula, ama DTG itangulie kwa saa mbili. Na akianza dawa za kifua kikuu, kipimo cha DTG hubadilika, kwa hiyo anayemtibu kifua kikuu lazima aione kadi yake ya kliniki.

## Akitapika, au tukisahau?

Akitapika ndani ya nusu saa, au ukiviona vidonge kwenye matapishi, mrudishie dozi. Baada ya hapo, acha mpaka kesho. Mkisahau, ameze mara mnapokumbuka. Kama zimebaki saa chache tu, chini ya nne hivi, kufikia dozi inayofuata, ngojeni hiyo. Msimeze mara mbili kufidia.

Na tafadhali tuambie. Wengine huzitupa zilizobaki ili hesabu itoke vizuri. Hesabu nzuri ya uongo inatunyima nafasi ya kujua tatizo liko wapi.

## Hesabu ya vidonge iko sawa, lakini virusi vimepanda. Inawezekanaje?

Ndivyo ilivyokuwa kwa mjukuu wa Igombe. Bibi alipewa vidonge 30 vya DTG, akarudi siku ya 28 na viwili kwenye kopo. Hesabu safi kabisa. Lakini kipimo cha wingi wa virusi kikaja na kopi 8,400 kwa kila mililita ya damu, wakati mwaka uliotangulia havikuonekana. Mpaka wetu ni 1,000: juu ya hapo tunasema virusi havijafubaa, na tunatafuta sababu.

Kopo linaonyesha vidonge vilivyotoka. Halionyeshi vilivyofika tumboni. Kwa hiyo hatukumuuliza mtoto "unameza?", kwa sababu jibu la swali hilo ni ndiyo siku zote. Tulimuuliza, "Kuna watoto huwa wanachoka na dawa, wanazificha. Wewe ungekuwa unaficha, ungeficha wapi?" Akaangalia chini, akasema, "Nyuma ya choo." Bibi alitaka kuinuka na kandambili. Tukamwomba akae. Mtoto akichapwa siku aliyosema kweli, hatasema tena, na sisi tutabaki na kopo.

Tukapanga mambo mawili. Kwanza, mazungumzo yale ya mdudu, ambayo yalikuwa yamechelewa. Pili, bibi awe anakaa naye anapomeza: anayeyusha, anakunywa, anameza cha 50, kisha wanaongea mpaka mdomo uwe mtupu bila kumkagua kama mwizi. Alirudi kliniki kila mwezi kwa vikao vitatu vya ushauri. Baada ya miezi mitatu ya kumeza vizuri kipimo kikarudiwa, kikatoka chini ya 50. Hakubadilishiwa dawa. Kama kingebaki juu ya 1,000 licha ya kumeza mbele ya macho, hapo ndipo tungeangalia usugu, na uamuzi huo ni wa daktari.

Mara nyingine sababu ni ndogo zaidi. Makopo yanalia yakitikiswa, na mtoto anaona aibu kwenye daladala, kwa hiyo anayahamishia kwenye mfuko wa plastiki. Unyevu wa ziwani unaingia na vidonge vinalainika. Acha dawa kwenye kopo lake pamoja na kile kipakiti cha kukausha unyevu, na ushindilie pamba safi kavu juu. Halilii tena.

## Kanisani wamesema amepona. Nimwachishe?

Ombeni, na ameze. Virusi visipoonekana kwenye kipimo, maana yake dawa zinafanya kazi. Dawa zikiachwa, hurudi, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Hili mwambie mtoto pia, kwa sababu atasikia shuhuda nyingi. Kipimo cha haraka cha mitaani kinaweza hata kumchanganya mtu aliye kwenye dawa, kwa hiyo msiende kukirudia mahali pengine "kuhakikisha". Kama kiongozi wenu wa dini ni mtu wa kusikiliza, tumeshakaa na wachungaji na mashehe, nao mara nyingi wanakuwa watu wa kwanza kuwarudisha wagonjwa kliniki.

## Na siku ya dawa za kichocho na minyoo shuleni?

Ameze za shule na ameze zake. Siku hiyo si likizo ya dawa za kila siku.

## Aanze kumeza mwenyewe lini?

Kumwambia hali yake hakumfanyi awe mtu mzima. Walezi wengi wakishamwambia hupumua na kumkabidhi kopo, na miezi sita baadaye virusi vipo juu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kukumbusha, kuyeyusha na kuweka alama kwenye kalenda. Anayehakikisha ni wewe. Punguza usimamizi kidogo kidogo akiwa kwenye miaka kumi na mitatu, kumi na minne, na uuongeze tena kipimo kikiyumba. Hata kijana wa kidato anahitaji mtu mmoja anayejua kama jana alimeza.

## Tunahamia kambi ya uvuvi kisiwani kwa msimu. Itakuwaje?

Tuambie kabla hujapanda boti. Mtoto aliye imara anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa, na tunaweza kukuandikia uhamisho kwenda kituo cha karibu na kambi, Ukerewe au Sengerema kwa mfano, ambako atapimwa uzito na damu. Beba kadi ya kliniki, si picha ya kadi kwenye simu inayoweza kudondoka majini. Gawa dawa sehemu mbili, kwenye mabegi mawili tofauti, kila sehemu ikiwa ndani ya kopo lake lililofungwa vizuri na kuviringwa nailoni. Kambini watu wamebanana, hivyo mkubaliane na mtoto mapema ni wapi atamezea.

Zikiisha kabla ya wakati, usimkopee kwa mtu mzima wa kambini, hata kama kopo linafanana, kwa sababu ya kipimo na uzito. Nenda kituo chochote chenye kliniki ya tiba na matunzo ukiwa na kadi na kopo tupu. Hata kama huna barua ya uhamisho, eleza kwamba uko safarini, watakupa za kukufikisha. Usisubiri mvua ipungue wala soko la dagaa liishe. Na kama siku zimepita bila dawa, anza kumpa mara tu unapozipata, kisha useme ni siku ngapi alikosa. Hakuna atakayekugombeza, na kama atakugombeza, omba kumwona mshauri.